Sura ya Sita: Kuua kwenye Karatasi Moja

Dada mmoja, karani wa mahakama anayesoma sheria kwa masafa, aliniletea daftari lake jioni moja tukiwa tumekaa nje ya nyumba ya wageni, si mbali na stesheni ya Mpanda. Alikuwa ameifupisha sura ya makosa ya kuua kutoka kwenye Kanuni ya Adhabu, na muhtasari wenyewe ulikuwa na kurasa kumi na nne. Mwandiko safi, vichwa vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, vifungu vimefuatana vilevile kama vilivyo kwenye sheria.

"Dada," nikamwuliza, "mtu amekatwa panga, amefia hospitali siku ya nne. Unaanzia ukurasa wa ngapi?"

Akafunua mbele, akafunua nyuma. "Inategemea, mwalimu."

"Inategemea nini?"

Akacheka, akalifunga daftari. Alikuwa ameshaelewa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, imepangwa kwa raha ya aliyeitunga. Kifungu cha 195 kinaeleza kuua bila kukusudia, cha 196 kinaeleza kuua kwa kukusudia, kisha 197 na 198 vinarukia adhabu. Ndipo sheria inarudi nyuma kwenye kifungu cha 200 kueleza nia ovu ni kitu gani. Uchokozi unakuja kwenye 201 na 202, na maana ya kusababisha kifo, ambayo kwa mantiki ya tukio ilipaswa kutangulia, inasubiri mpaka 203. Utetezi mwingine hauko hata kwenye sura hiyo. Uko mwanzoni kabisa mwa sheria, kati ya kifungu cha 8 na cha 18, kurasa nyingi kabla ya maiti ya kwanza. (Namba ninazotumia ni za Toleo la 2022. Aliye na toleo jingine alinganishe kwanza.)

Mtahini hafuati mpangilio huo. Yeye anakupa kisa: nani alifanya nini, lini, kwa kitu gani, akasema nini. Muhtasari unaofuata namba za vifungu unakulazimisha kuruka huku na huku saa ya mtihani ikienda. Kwa hiyo jioni ile tulilivunja daftari lake na kulijenga upya kwenye karatasi moja, tukitumia kisa nilichokitunga papo hapo. Nilichagua imani ya uchawi, kwa sababu ukanda huu wa magharibi, kuanzia Shinyanga na Tabora kushuka hadi Rukwa na Katavi, umejulikana kwa miaka mingi kwa mauaji ya aina hiyo, na kwa sababu ni hapo ndipo wanafunzi wengi huanguka. Kisa kilikuwa hiki.

Ni Novemba, watu wanasafisha mashamba kusubiri mvua. Mkulima katika kijiji kimoja cha Mpimbwe amefiwa na mtoto Jumatatu. Jumatano anakwenda kwa mganga, ramli inapigwa, anaambiwa mwuaji ni shangazi yake. Alhamisi ananoa panga. Ijumaa jioni anakunywa gongo kwa jirani. Akirudi nyumbani na mdogo wake anayemmulikia kwa tochi, anamkuta shangazi amechutama uani kwake gizani, ananyunyiza unga mbele ya mlango huku akinong'ona. Shangazi anainuka na kusema, "Huyo wa kwanza. Wa pili atamfuata." Mtoto wa pili yumo ndani, amelala. Mkulima anachukua panga ukutani na kumkata mara tatu, mbili shingoni na moja mkononi alipoinua mkono kujikinga. Mdogo mtu hasogei, tochi inaendelea kuwaka. Barabara ina tope, gari linapatikana asubuhi. Shangazi anafikishwa hospitali akiwa amepoteza damu nyingi, kidonda kinaoza, anafariki siku ya nne. Swali: washauri mkulima na mdogo wake.

Nilimpa dada dakika tano aandike sentensi ya kwanza ya jibu. Aliandika: "Mkulima ana utetezi wa uchokozi kwa sababu aliamini marehemu ni mchawi." Hiyo ndiyo sentensi ambayo nimeisoma kwenye karatasi za mitihani mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na ina makosa mawili. La kwanza ni la mpangilio. Uchokozi haujibiwi kabla ya kosa lenyewe kusimama. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kila kipengele pasipo kuacha shaka ya msingi, na anayekimbilia utetezi ameusaidia upande wa mashtaka bure, amewakubalia kila kitu bila kuulizwa. La pili ni la sheria yenyewe, nitalirudia.

Sehemu ya juu ya karatasi yetu ilibeba maswali manne tu, kwa mfuatano usiobadilika. Je, kuna mtu aliyekufa? Je, kifo kimesababishwa na mshtakiwa? Je, tendo lake lilikuwa kinyume cha sheria? Je, alikuwa na nia ovu? Ukipata "ndiyo" kwa matatu ya kwanza, umefika kifungu cha 195, kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Ukipata "ndiyo" ya nne umefika 196, na kifungu cha 197 kinataja adhabu moja, kifo. Yaani tofauti ya makosa haya mawili ni swali moja tu, la nne. Nilimwambia dada aandike hivyo kwa herufi kubwa pembeni, maana alikuwa ametumia kurasa tano kueleza makosa hayo kama vile hayajuani.

Swali la kwanza halina kazi hapa. Swali la pili ndiko mtahini alikotega mtego mdogo: tope, kuchelewa, kidonda kuoza. Mwanafunzi mwoga ataandika kwamba kifo kimesababishwa na barabara. Kifungu cha 203 kinafunga mlango huo. Mtu anahesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama tendo lake si sababu ya papo hapo wala sababu pekee, na jeraha linabaki lake hata kama aliyejeruhiwa angepona kwa matibabu yanayofaa. Mwanya uliopo ni mwembamba. Ukitaka kuutumia, kisa kikuonyeshe kwamba kilichomuua moja kwa moja ni matibabu yenyewe, na kwamba yalitolewa bila nia njema au bila ujuzi wa kawaida wa kazi. Kisa chetu hakisemi lolote la namna hiyo. Sentensi mbili zinatosha, unaendelea. Siku nne pia si tatizo, kwa kuwa kikomo cha kifungu cha 205 ni mwaka mmoja na siku moja.

La tatu, uharamu wa tendo, ndilo mahali pa kuuliza juu ya kujihami. Wengi hukuweka mwisho pamoja na utetezi mwingine, mimi napenda kukuweka hapa kwa sababu aliyejihami kwa nguvu inayofaa, kwa mujibu wa kifungu cha 18 na vidogo vyake, hakufanya tendo haramu hata kidogo. Anaachiwa huru. Mkulima wetu je? Shangazi alikuwa amechutama na unga mkononi. Hakuna shambulio la mwili lililokuwa likija. Hofu ya kufa kwa uchawi kesho au mwezi ujao si hatari ambayo panga linaweza kuizuia kwa kipimo cha sheria. Mlango unafungwa.

Tukafika kwenye nia ovu, na hapo nilimwambia dada apunguze mwendo, kwa sababu alama nyingi ziko hapa. Kifungu cha 200 kinatoa njia nne za kuionyesha, lakini kwenye visa vya panga na rungu mbili za kwanza ndizo zinazofanya kazi: kukusudia kuua au kumdhuru mtu vibaya, na kujua kwamba tendo lako huenda likaua au kudhuru vibaya huku ukiwa hujali. Angalia neno "kumdhuru vibaya". Si lazima alitaka afe. Mwanafunzi anayeandika "hakukusudia kuua, kwa hiyo si mauaji ya kukusudia" amesoma nusu ya kifungu.

Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo Mahakama ya Rufani ilitoa mizani ya kuipimia katika Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Namba 150 ya 1994, iliyosikilizwa Mbeya. Inatazamwa aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla, wakati na baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada. Dada alikuwa ameyakariri yote saba kama sala. Tatizo ni kwamba aliyaandika yakasimama peke yake, bila kuyafunga kwenye kisa. Nikamwagiza achore safu mbili: kushoto kipimo, kulia ukweli wa kisa. Panga. Shingo. Mapigo matatu. Mkono uliokatwa ukijikinga, ambao unaonyesha alimwona akijikinga na bado akaendelea. Hiyo ya mwisho hakuna aliyekuambia uitafute, imefichwa katika neno moja la kisa, na ndiyo mtahini anayoisubiri.

Halafu panga la Alhamisi. "Alijiandaa," dada akasema. Huenda. Lakini ni Novemba, na kila mkulima wa ukanda huu ananoa panga la kufyekea Novemba. Jibu zuri linasema pande zote mbili: mashtaka yatalileta kama dalili ya kupanga, utetezi utasema ni zana ya msimu, na uamuzi utategemea kingine kilichosemwa au kufanywa baada ya ramli. Ukichagua upande mmoja tu umepoteza alama ambayo ilikuwa ya bure.

Ulevi uliingia hapa pia, na si kwenye orodha ya utetezi kule chini. Kifungu cha 14 kinaanza kwa kuukataa ulevi kama utetezi, isipokuwa mtu aliyeleweshwa bila ridhaa yake, au aliyefikia hali ya wazimu kwa ulevi, akawa haelewi afanyalo. Mkulima alikunywa mwenyewe. Hata hivyo kifungu hicho hicho kinaruhusu ulevi uzingatiwe katika kuamua kama mtu aliweza kuwa na nia inayotakiwa. Kwa hiyo gongo ni swali la nia, na kisa kinalijibu: alitambua mtu gizani, alielewa maneno, alijua panga liko ukutani, alilenga shingo. Mtu asiyeweza kukusudia hafanyi hivyo.

Baada ya maswali manne tukapiga mstari wa kukata karatasi. Chini yake ndipo uchokozi ulipokaa, na kwa mara ya kwanza kazi yake ikaeleweka. Kifungu cha 201 hakimwachii mtu huru. Kinashusha kosa kutoka 196 kwenda 195, kwa aliyeua katika joto la hasira lililosababishwa na uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa. Kifungu cha 202 kinaeleza uchokozi ni nini: tendo baya au tusi ambalo lingemfanya mtu wa kawaida apoteze uwezo wa kujizuia na kumshambulia aliyemchokoza. Na mtu wa kawaida ni wa jamii ya mshtakiwa. Hapimwi kwa mkazi wa Masaki aliyesomea ng'ambo. Anapimwa kwa mwanakijiji wa Mpimbwe.

Kwa neno hilo wanafunzi wengi hudhani mlango umefunguka wazi: katika jamii yake watu wanaamini uchawi, kwa hiyo imani yake ni utetezi. Hapana. Hilo ndilo kosa la pili la sentensi ya dada, na mahakama za Afrika Mashariki zililimaliza zamani kwa kesi mbili za Uganda zinazofaa kukaa pamoja kwenye karatasi, kama sahani mbili za mizani.

Ya kwanza ni Fabiano Kinene, ya mwaka 1941. Washtakiwa walimkuta mzee usiku akitambaa uchi uani mwao, waliamini anawaroga wakati ule ule, wakamwua kwa namna ya kikatili sana. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba kumfumania mtu katika tendo kama hilo kunaweza kuwa uchokozi mzito na wa ghafla, kosa likawa kuua bila kukusudia. Ya pili ni Eria Galikuwa ya 1951. Huyu alimwogopa mganga aliyemdai fedha kwa vitisho, akamfuata na kumwua. Mahakama hiyo hiyo ilikataa. Ikasema imani ya uchawi peke yake si uchokozi. Aliyeuawa lazima awe alikuwa akifanya, mbele ya mshtakiwa, tendo ambalo mshtakiwa na mtu wa kawaida wa jamii yake wangeamini kweli kuwa ni uchawi dhidi yake au dhidi ya mtu aliye chini ya uangalizi wake. Tendo hilo liwe kosa kwa sheria ya jinai. Na kuua kutokane na hasira, kwa sababu hofu peke yake haitoshi.

Hapa nilimwona dada akitikisa kichwa. "Mwalimu, mtu akiogopa mtoto wake atakufa, si ndiyo hasira yenyewe?" Ni swali zuri na wapo waliolibishania kwa haki. Mimi mwenyewe naona mpaka kati ya hofu na hasira ni mwembamba kuliko mahakama ilivyotaka uwe. Lakini kwenye mtihani andika sheria ilivyo, kisha ukosoe kwa sentensi moja kama una nafasi.

Wapo wanaojaribu kupita mlango wa nyuma, yaani kifungu cha 11, kosa la dhana: mtu anayetenda kwa imani ya kweli na yenye busara juu ya hali isiyokuwepo. Wanasema mkulima aliamini kweli. Sawa, lakini sheria inataka pia busara, na mahakama za kikoloni kote Afrika zilikataa kuiita imani ya uchawi imani yenye busara. Kesi ya Gadam ya Nigeria, ya 1954, ndiyo inayotajwa zaidi. Kwa hiyo ajabu iko hapa: katika uchokozi imani ya jamii inahesabika, katika kosa la dhana haihesabiki. Anayeiona tofauti hiyo kwenye karatasi yake amepata kitu ambacho kurasa kumi na nne hazikumpa.

Turudi uani. Ukimweka mkulima kwenye mizani ile, jambo la kwanza kuuliza ni alitenda kwa kuchochewa na nini. Ramli ya Jumatano haimsaidii hata kidogo. Ni maneno ya mtu mwingine, mbali na marehemu, na siku mbili zimepita. Kama angekwenda moja kwa moja kwa shangazi Jumatano ile na kumkata, angekuwa Galikuwa. Lakini Ijumaa kuna tendo jipya, la marehemu mwenyewe, mbele ya macho yake, mlangoni kwake, usiku. Unga na minong'ono huenda vingebishaniwa, ila maneno "wa pili atamfuata" yanabadilisha kisa, kwa kuwa kutishia kutumia uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Mtoto aliyelala ndani ni wa uangalizi wake. Panga lilikuwa ukutani, hakulileta. Hakukuwa na muda kati ya maneno na pigo. Hiyo ni karibu zaidi na Kinene.

Mashtaka watasema nini? Kwamba ghafla hii ilianza Jumatano, kwamba alikwisha kumhukumu shangazi na Ijumaa ilimpa tu nafasi. Hapo panga lililonolewa na gongo vinarudi kwa sura mpya. Na watasema mapigo matatu, moja juu ya mkono unaojikinga, ni zaidi ya hasira ya ghafla. Mimi ningemshauri mkulima kwamba utetezi wa uchokozi una nguvu, na kwamba hatakiwi kuuthibitisha yeye. Ukishaonekana kwenye ushahidi, ni juu ya Jamhuri kuuvunja, na shaka ikibaki anapata faida yake. Matokeo yanayoelekea zaidi ni kifungu cha 195. Dada alibisha, akasema angemtia hatiani kwa 196 kwa sababu ya mkono ule. Nilimwambia angepata alama zilezile mradi aonyeshe njia.

Utetezi uliobaki tuliupa mstari mmoja mmoja, kwa sababu kisa hakikuugusa: umri chini ya kifungu cha 15, ugonjwa wa akili chini ya 13, shurutisho chini ya 17. Mwanafunzi anayeujadili wote "ili kuwa salama" anamwambia mtahini kwamba hajui kusoma kisa. Ukweli usiokuwepo usiuandikie.

Mdogo mtu alibaki mwisho, na kila mara ndiye anayesahaulika hadi dakika ya mwisho. Karatasi yetu ilimpa sehemu yake chini kabisa, yenye vifungu viwili: 22 juu ya kusaidia na kushawishi, na 23 juu ya nia ya pamoja. Kwa 23 tunahitaji watu wawili waliokubaliana kufanya jambo haramu, na kuua kuwe matokeo yanayotarajiwa ya jambo hilo. Walikuwa wakirudi nyumbani tu, kisa hakionyeshi makubaliano yoyote. Kwa 22 tunahitaji tendo la kusaidia, na kuwepo peke yake hakutoshi. Je, mwanga wa tochi ni msaada? Ulikuwa ukiwaka kabla, kwa ajili ya njia. Kama angeuelekeza shingoni mwa shangazi baada ya pigo la kwanza, au angesema neno moja la kuchochea, jibu lingegeuka. Kisa kinasema tu tochi iliendelea kuwaka. Nikamwambia dada ausome tena mstari huo, polepole, kisha aniambie tochi ilimulika wapi.

Akasoma. "Haijasemwa, mwalimu."

"Basi andika hivyo, na umshauri kijana kwamba kwa ukweli huu Jamhuri haina kesi dhidi yake."

Karatasi ilijaa upande mmoja tu. Daftari la kurasa kumi na nne alilirudisha kwenye mfuko, akaikunja karatasi mara nne na kuiweka ndani ya kitambulisho chake cha kazi.